Kona ya mwarobaini: radiani, urefu wa tao na eneo lake

Ukiwa na futi kamba peke yake unaweza kuijua pembe ya kona yoyote iliyochorwa kwa duara, hata kama kitovu cha duara hilo kiko mahali usipoweza kufika. Pima ukingo wa nje wa kona, pima ukingo wa ndani, toa mdogo kwenye mkubwa, kisha gawanya kwa upana wa njia. Jibu ni pembe ya kona hiyo kwa radiani. Hakuna kipimapembe kilichotumika, wala 360, wala hata pai.

Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi hapa Dodoma, na bado naona hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi hupita juu yake. Wanafika kidato cha tatu, wanapewa kanuni ya urefu wa tao yenye nyuzi ndani yake, wanaikariri. Baadaye wanapewa nyingine yenye radiani, wanaikariri nayo. Wanamaliza shule wakiwa na kanuni mbili kichwani na hawajui kwa nini moja ni ndefu na nyingine ni fupi. Kwa hiyo leo nataka tukae kwenye kona moja tu, kona ya kweli iliyotandikwa pevingi kwenye kiwanja kimoja kule Nzuguni, na tuiangalie mpaka iishe.

Kiwanja chenyewe kina mwarobaini mkubwa. Mwenye nyumba, mama mmoja mstaafu, alisema mti haukatwi. Kwa jua la hapa kwetu, anayeelewa thamani ya kivuli hawezi kumlaumu. Njia ya gari inaingia kutoka getini, inafika usawa wa mti, inauzunguka kidogo, kisha inanyooka kuelekea baraza. Upana wake ni mita 4. Fundi alikuwa ameshapiga mambo na kumwaga chokaa kuonyesha kingo zote mbili, na akaniita kwa sababu yeye na kijana wa yule mama walikuwa wamefika kwenye hesabu mbili tofauti kabisa za vitofali vya kununua.

"Shikamoo mwalimu. Mimi nimepima ukingo wa nje nikazidisha kwa upana," alisema fundi. "Yeye amepima wa ndani akazidisha kwa upana. Tofauti yetu ni vitofali zaidi ya elfu moja, na mama anasubiri bei."

Nikamwomba anipe vipimo vyake. Kwenye kipande kilichopinda, ukingo wa ndani ulikuwa na mita 4.2, na ukingo wa nje mita 9.8. Hivyo vilitosha.

Tuanze na maana. Chukua duara, chukua kipande cha mzingo wake, yaani tao. Gawanya urefu wa tao kwa nusukipenyo. Namba unayoipata ndiyo pembe ya kitovuni kwa radiani. Radiani haina siri zaidi ya hiyo: ni nusukipenyo kimeingia mara ngapi kwenye tao, mita zimegawanywa kwa mita, na kinachobaki ni namba tupu. Kama tao lina urefu sawa na nusukipenyo, pembe ni radiani 1, ambayo kwa nyuzi ni 57.3 hivi. Ukizunguka duara zima, tao ni mzingo wote, nao ni nusukipenyo mara 6.28. Ndiyo maana duara zima lina radiani 2π.

Wazo la kupima pembe kwa njia hii lilikuwepo muda mrefu kabla ya kipimo chenyewe kupewa jina. Mwingereza Roger Cotes alilieleza mwaka 1714, na jina la radiani lilionekana kwenye karatasi ya mtihani ya James Thomson huko Belfast mwaka 1873. Nyuzi 360, kwa upande mwingine, ni urithi wa Wababeli waliohesabu kwa sitini. Ni namba nzuri ya kugawanyika, lakini duara lenyewe halina habari nayo. Kanuni ya tao yenye nyuzi inabidi kila mara iilipie namba hiyo: gawanya kwa 360, zidisha kwa 2π, kisha zidisha kwa nusukipenyo. Ukipima pembe kwa radiani, malipo hayo yanaisha na kinachobaki ni

s = rθ

ambapo s ni urefu wa tao, r ni nusukipenyo, na θ ni pembe kwa radiani. Huu si ugunduzi mpya juu ya tao. Ni ile maana tuliyoanza nayo, imegeuzwa upande.

Sasa rudi Nzuguni. Kingo mbili za njia ni matao mawili yenye kitovu kimoja, na kitovu hicho ni kiini cha mwarobaini. Ukingo wa ndani una nusukipenyo r ambacho hatujakipima. Ukingo wa nje una nusukipenyo r + 4. Pembe ni ileile moja. Kwa hiyo ukingo wa nje ni (r + 4)θ na wa ndani ni rθ. Ukitoa, r inajifuta yenyewe na kinachobaki ni 4θ. Tofauti ya kingo zetu ilikuwa 9.8 kutoa 4.2, yaani mita 5.6. Gawanya kwa 4, pembe ni radiani 1.4. Na ukishaijua pembe, nusukipenyo cha ndani kinajitokeza: 4.2 gawanya kwa 1.4 ni mita 3. Cha nje ni mita 7.

Hili la r kujifuta lina nguvu kuliko linavyoonekana. Linasema kwamba tofauti kati ya ukingo wa nje na wa ndani haitegemei ukubwa wa kona hata kidogo. Inategemea upana wa njia na kiasi ilichogeuka, basi. Fikiria barabara ya mzunguko wa nje ya jiji letu, ile ya kilomita 112.3. Mtu akiizunguka yote mpaka arudi alikoanzia, amegeuka radiani 2π kwa jumla, pale barabara inapopinda kulia na inapopinda kushoto zikishatoana. Tuseme kwa mfano kuna mita 20 kati ya ukingo wake mmoja na mwingine. Mzunguko mzima wa ukingo wa nje utazidi wa ndani kwa 20 mara 6.28, yaani mita 126 hivi. Ukichora duara dogo lenye upana huohuo kwenye uwanja wa mpira, tofauti itakuwa mita 126 zilezile. Wanafunzi wangu hukataa jambo hili mpaka walifanye kwa kamba.

Tuje kwenye eneo, maana ndilo lililoleta ubishi. Archimedes alithibitisha kwamba eneo la duara ni sawa na la pembetatu mraba ambayo kimo chake ni nusukipenyo na kitako chake ni mzingo. Hoja hiyohiyo inashuka hadi kwenye sekta, yaani kipande kilichofungwa na nusukipenyo viwili na tao. Ukikikata kipande hicho kuwa vichane vyembamba sana vinavyokutana kitovuni, kila kichane kinakaribia kuwa pembetatu yenye kimo r. Vitako vyote vikijumlishwa vinatoa tao lote. Basi eneo ni nusu ya r mara tao. Weka rθ mahali pa tao, unapata

A = ½ r²θ

Napenda wanafunzi wangu waishike kwanza kwa sura ya "nusu ya nusukipenyo mara tao", kisha ndiyo waiandike kwa θ. Anayeijua kwa sura ya kwanza hasahau ile nusu, na hasahau kwa nini r iko kwenye kipeo cha pili: r moja ni kimo, nyingine imeingia pamoja na tao.

Njia yetu si sekta nzima. Ni sekta kubwa ya nusukipenyo mita 7 iliyotolewa sekta ndogo ya mita 3. Kubwa ina nusu ya 49 mara 1.4, ambayo ni mita za mraba 34.3. Ndogo ina nusu ya 9 mara 1.4, yaani 6.3. Tofauti ni mita za mraba 28 kamili.

Nilipomwonyesha fundi, aliuliza swali zuri sana: je, kuna namna ya kufika hapo bila kutafuta pembe wala nusukipenyo? Ipo, na yeye alikwisha kuisoma shule ya msingi. Jumlisha ukingo wa ndani na wa nje, chukua nusu, zidisha kwa upana: 4.2 na 9.8 ni 14, nusu yake 7, mara 4 ni 28. Ni kanuni ya eneo la trapeza, nusu ya jumla ya pande sambamba mara kimo, na hapa pande sambamba zimepinda. Tena si makadirio. Ukikiita nusukipenyo cha nje R, ukaandika ½(R² − r²)θ na ukakumbuka kwamba R² − r² ni (R − r) mara (R + r), upana unajitenga upande mmoja na nusu ya jumla ya matao mawili inabaki upande wa pili. Ile mita 7 ni urefu wa tao linalopita katikati ya njia, lenye nusukipenyo mita 5: 5 mara 1.4.

Kwa hiyo fundi na kijana walikuwa wamekosea kwa kiasi kilekile, kila mmoja upande wake. Fundi kwa ukingo wa nje alipata mita za mraba 39.2. Kijana kwa ukingo wa ndani alipata 16.8. Vitofali walivyokuwa wananunua ni vya mstatili, sentimita 20 kwa 10, kwa hiyo 50 vinafunika mita moja ya mraba. Fundi angeagiza 1,960, kijana 840. Hesabu ya kweli ni 1,400. Tofauti ya kila mmoja na ukweli ni vitofali 560, na kwa sababu hiyo hata wangegawana tofauti yao katikati kwa maelewano tu, wangefika palepale. Wao waliona ni bahati. Mimi niliwaambia ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa urefu wa tao unakua sawia na nusukipenyo: ukisogea nje nusu ya upana unaongeza kiasi kilekile unachopunguza ukisogea ndani.

Juu ya 1,400 lazima kuwe na nyongeza. Kitofali cha mstatili hakikai kwenye ukingo uliopinda bila kukatwa, na kila kilichokatwa kina kipande kinachotupwa. Kwenye njia iliyonyooka mafundi wengi huongeza kidogo sana. Kwenye kona ya namna hii mimi nisingeenda chini ya sehemu moja ya kumi, yaani jumla 1,540. Lakini nyongeza iandikwe peke yake kwenye daftari, isifichwe ndani ya kipimo kibaya cha eneo, maana ikifichwa hakuna atakayejua vitofali vilivyobaki vimebaki kwa sababu gani.

Mawe ya ukingo yana hesabu yake. Jumla ya kingo zote mbili kwenye kona ni mita 14, lakini mawe yenyewe yamenyooka, na jiwe lililonyooka kwenye tao huacha uwazi katikati yake. Uwazi huo unakaribia urefu wa jiwe kipeo cha pili, gawanya kwa mara nane ya nusukipenyo. Jiwe la mita moja kwenye ukingo wa ndani wenye nusukipenyo mita 3 linaachana na tao kwa zaidi ya sentimita 4, na jicho linaona kona yenye mikunjo. Jiwe la nusu mita linaachana kwa sentimita 1 tu. Kwa nje, ambako nusukipenyo ni mita 7, jiwe la mita moja linakosea chini ya sentimita 2. Mama alichagua mawe ya nusu mita pande zote, nadhani kwa busara: 9 kwa ndani na 20 kwa nje, ya mwisho kila upande yakikatwa.

Kuna jambo la mti ambalo sitaki lipite. Kabla ya kumwaga chokaa, msaidizi wa fundi alikuwa amefunga uzi kwenye shina la mwarobaini, akaukaza, akatembea nao kuchora ukingo wa ndani. Mstari ukaanza vizuri na kuishia ukiwa umesogea ndani, na wao wakadhani uzi umelegea. Uzi haukulegea, ulikuwa unajizungusha kwenye shina. Mzingo wa shina ulikuwa sentimita 94. Gawanya kwa 6.28, nusukipenyo cha shina ni sentimita 15. Ukitembea radiani 1.4, uzi unaojilaza kwenye gome ni 15 mara 1.4, yaani sentimita 21, na hizo zote zinapungua kwenye urefu uliobaki mkononi. Ni s = rθ ileile, safari hii kwenye duara la shina. Dawa yake ni kutengeneza kitanzi kipana kidogo kinachozunguka pamoja na anayetembea, na kuhesabu nusukipenyo kutoka kiini cha mti: mita 3 ni sentimita 285 kutoka kwenye gome na 15 za ndani ya shina.

Njia ya kupata pembe kwa tofauti ya kingo nayo ina mipaka yake. Inadai kingo zote ziwe matao ya kitovu kimoja. Namna ya kujua ni kupima upana mwanzoni mwa kona, katikati na mwishoni. Ukitofautiana, kingo hazina kitovu kimoja na hesabu yote hii haihusiki, itabidi ukate kona vipande vipande. Pia inachukia njia nyembamba. Ukikosea sentimita 5 kwenye kupima ukingo wa njia ya mita 4, pembe inakosewa kwa radiani 0.0125, karibu si kitu. Kosa hilohilo kwenye njia ya miguu ya sentimita 60 linaharibu pembe kwa radiani 0.08, zaidi ya nyuzi 4. Huko ni bora utafute kitovu.

Kosa linalojulikana zaidi ni kuingiza nyuzi ndani ya kanuni ya radiani. Kona yetu kwa nyuzi ni 80 na kidogo. Ukiiweka 80 badala ya 1.4, tao la katikati linakuwa mita 400 na eneo mita za mraba 1,600, wakati kiwanja chote kina 600. Kosa la aina hii halinitishi kwa sababu linapiga kelele lenyewe. Linalonitisha ni linalotoa jibu lenye sura nzuri, na lilijitokeza mwishoni mwa siku ileile.

Ndani ya kona, kati ya njia na mti, kuna ile sekta ndogo ya mita za mraba 6.3. Mama alitaka avute mstari ulionyooka toka mwanzo wa tao la ndani hadi mwisho wake. Upande wa mti, pembetatu ibaki udongo ili mizizi ipate maji. Upande wa njia, kile kipande cha umbo la upinde kati ya mstari na tao kimwagwe kokoto. Eneo la kokoto ni sekta kutoa pembetatu, yaani ½ r²(θ − sin θ). Kijana alikuwa mwepesi, akaliandika mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu: nusu ya 9, mara 1.4 kutoa sin 1.4. Akapata mita za mraba 6.19.

Kikokotoo chake kilikuwa kimewekwa kwenye nyuzi. Ile 1.4 ya kwanza ni namba tu na haiathiriki, lakini sin imeisoma 1.4 kama nyuzi moja na nusu hivi, ikatoa 0.024 badala ya 0.985. Jibu halikuwa kubwa kupita kiasi wala hasi. Ila ukiliweka kando ya sekta yenyewe unaona tatizo: sekta nzima ni 6.3, na kipande cha kokoto peke yake eti ni 6.19. Pembetatu imebaki na mita ya mraba 0.11 tu, ilhali kwa macho tu ndiyo iliyochukua nafasi kubwa. Nikamwambia abadilishe kikokotoo kiwe kwenye radiani, alama yake ni RAD, arudie. Akapata 1.87.

Fundi hakutaka kuamini simu mara mbili, akapima chini. Mstari ulionyooka ulikuwa mita 3.87, na kutoka katikati yake hadi kwenye tao, sentimita 70. Kwa upinde mfupi kama huo, theluthi mbili za urefu mara kimo zinatosha kuhakiki: alipata karibu 1.8. Kokoto za unene wa sentimita 5 zikawa kama lita 93, ambazo ni ndoo tano za lita 20. Kwa jibu la kwanza tungeleta kumi na sita.